Kadi ya mapishi inasema asilimia 28, hesabu ya mwezi inasema 40: namna ya kutafuta pengo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye mgahawa, meneja au mpishi mkuu ambaye tayari ana kadi za mapishi zenye gharama ya kila sahani, lakini kila akifunga mwezi anakuta asilimia ya gharama ya chakula imezidi ile ambayo kadi zilimwahidi. Pengo la pointi moja au mbili ni la kawaida, kwa sababu hakuna jiko lisilomwaga mchuzi wala kuunguza chapati. Pengo likifika pointi tano na kuendelea, mara nyingi kuna kosa ndani ya kadi zenyewe, na kosa linaloongoza ni kupiga hesabu kwa bei ya nyama na mboga kama zilivyonunuliwa, ilhali mteja anakula kilichobaki baada ya kisu.

Nitatumia sahani moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: mishkaki mitatu ya ng'ombe pamoja na chipsi na kachumbari, katika mgahawa wa Dar es Salaam unaoiuza kwa shilingi 12,000, kodi ikiwa imo ndani ya bei hiyo. Bei za malighafi nilizoweka ni za mfano, na msomaji aweke za soko lake. Kinachofaa kufuatwa ni njia ya kufikia jibu.

Dalili ya kwanza: kila kadi inaonekana nzuri, lakini mwezi mzima ni mbaya

Kadi ya sahani yetu, kama ilivyokutwa jikoni, ilikuwa hivi. Mishkaki mitatu yenye gramu 60 za nyama mbichi kila mmoja, yaani gramu 180, kwa nyama ya steki ya shilingi 13,000 kwa kilo, ni shilingi 2,340. Viazi gramu 300 kwa shilingi 1,200 kwa kilo ni shilingi 360. Kitunguu gramu 40 kwa shilingi 2,000 kwa kilo ni shilingi 80, na nyanya gramu 60 kwa shilingi 1,500 kwa kilo ni shilingi 90. Mafuta ya kukaangia, pamoja na yale yanayomwagwa yakishachoka, yamekadiriwa shilingi 240. Tangawizi, papai bichi, ndimu, chumvi na pilipili shilingi 200. Jumla ni shilingi 3,310, ambayo ukiigawa kwa 12,000 unapata asilimia 27.6. Meneja yeyote angefurahi.

Kuna makosa mawili humo, na ni muhimu kuyatenganisha kwa sababu kila moja lina dawa yake. La kwanza ni jepesi: kama mgahawa umesajiliwa kwa VAT, shilingi 12,000 si mapato yake yote. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 cha Tanzania Bara, mapato halisi ni 12,000 kugawa kwa 1.18, yaani shilingi 10,169; nchini Kenya ungegawa bei yako kwa 1.16. Gharama ileile ya 3,310 ikigawiwa kwa 10,169 inakuwa asilimia 32.5. Karibu pointi tano zimepatikana bila kugusa mizani. Mhasibu anapofunga mwezi hutumia mauzo yasiyo na kodi, na jikoni hutumia bei iliyoandikwa kwenye menyu, kwa hiyo watu wawili hubishana juu ya namba ambazo hazikuwahi kuzungumzia kitu kimoja.

La pili ni zito, nalo linahitaji mizani, kisu na saa moja ya mpishi. Kadi inasema gramu 180 za nyama iliyo kwenye kijiti. Bei ya 13,000 ni ya kilo iliyotoka bucha, ikiwa na mafuta, utando mweupe, mishipa na maji ya damu. Vitu hivyo vimelipiwa bei ileile na mnofu, lakini haviingii kijitini.

Kipimo cha kusafisha nyama, hatua kwa hatua

Chukua nyama kama inavyopokelewa kila siku, bila kuchagua kipande kizuri kwa ajili ya jaribio, na isipungue kilo tano, kwa kuwa kipande kidogo hukuza kosa la mizani. Ipime kabla haijaguswa. Mpe mpishi anayefanya kazi hiyo kila siku, aisafishe kwa kasi yake ya kawaida, na umwekee vyombo vinne: cha nyama safi iliyokatwa vipande vya mishkaki, cha vipande vya pembeni vinavyofaa kusagwa, cha mafuta, na cha utando na mishipa. Mwishoni pima kila chombo. Uzito wa vyombo vyote ukijumlishwa utapungua kidogo kuliko uzito wa mwanzo, kwa sababu ya damu na maji yaliyobaki kwenye ubao na sinki; andika upungufu huo nao.

Tuseme nyama ilikuwa kilo 10, imelipiwa shilingi 130,000. Nyama safi ni kilo 7.5, vipande vya kusaga gramu 800, mafuta gramu 900, utando na mishipa gramu 600, na gramu 200 zimepotea kama maji. Asilimia ya kubaki ni 75. Kilo moja ya nyama safi imegharimu shilingi 130,000 kugawa kwa 7.5, yaani 17,333.

Hapo bado kuna haki ya kutendewa nyama ya pembeni. Kama jiko lina matumizi yake, mathalani sambusa, basi zile gramu 800 zina thamani, na thamani yake ni ile ambayo ungelipa kununua nyama ya kusaga ya hadhi hiyo. Tuseme shilingi 10,000 kwa kilo, sawa na shilingi 8,000. Unaitoa kwenye 130,000, zinabaki 122,000, unagawa kwa 7.5 na kupata shilingi 16,267 kwa kilo ya nyama safi. Mafuta usiyape thamani isipokuwa yanauzwa au kutumika kweli. Wapishi wengi husema mafuta "yatatumika", na kisha ukifungua jokofu unayakuta ya wiki mbili.

```
bei ya kilo safi = (bei uliyolipa - thamani ya mabaki yanayotumika)
                   / kilo safi zilizobaki
```

Mboga zinapimwa kwa njia hiyohiyo, bila chombo cha mabaki. Katika mfano wetu viazi vilivyomenywa na kukatwa vilibaki asilimia 78, vitunguu asilimia 88, nyanya asilimia 90 baada ya kuondoa vikonyo na zilizopondeka. Bei za kilo safi zinakuwa 1,538 kwa viazi, 2,273 kwa vitunguu na 1,667 kwa nyanya.

Sasa kadi inaandikwa upya: nyama 2,928, viazi 461, kitunguu 91, nyanya 100, mafuta 240, viungo 200. Jumla ni shilingi 4,020. Gawa kwa 10,169 na unapata asilimia 39.5. Sahani iliyodhaniwa kuwa ya asilimia 28 ni ya karibu 40, na hakuna aliyeiba chochote: pointi tano zilikuwa kodi, pointi saba zilikuwa kwenye ndoo ya taka na sinki.

Ukiangalia tofauti ya shilingi 710 kati ya kadi ya zamani na mpya, utaona kwamba nyama peke yake ni shilingi 588. Viazi ni 101, kitunguu na nyanya kwa pamoja ni 21. Kwa hiyo nisingemshauri mtu atumie siku nzima kupima mabua ya giligilani. Apime nyama, kuku, samaki na viazi kwa uangalifu mkubwa, na mboga nyingine azipime mara moja ili kadi isiwe na uongo, kisha aendelee na kazi. Samaki asisahaulike kamwe: samaki mzima akitolewa minofu mara nyingi hubakiza chini ya nusu ya uzito wake, na ndiyo maana bei yake ya kilo huonekana rafiki sokoni na adui kwenye kadi.

Dalili ya pili: kadi tayari zina hasara ya kusafisha, lakini nyama inaisha kabla ya oda

Sababu hapa huwa ni hesabu iliyopigwa kinyume. Mtu amepima akajua kwamba anapoteza asilimia 25, halafu anaongeza asilimia 25 juu ya bei au juu ya uzito. Inaonekana sawa, lakini ile asilimia 25 ilikuwa ya uzito wa mwanzo, na yeye anaiongeza juu ya uzito wa mwisho, ambao ni mdogo zaidi.

Tazama inavyojitokeza kwenye oda. Mna karamu ya sahani 60. Nyama safi inayohitajika ni 60 mara gramu 180, yaani kilo 10.8. Aliyeongeza asilimia 25 ataagiza kilo 13.5. Zikisafishwa kwa asilimia 75 zitabaki kilo 10.125, ambazo zinatosha sahani 56. Wageni wanne wa mwisho wataambiwa mishkaki imeisha, au, jambo linalotokea zaidi, mchomaji ataanza kupunguza vipande kimyakimya kuanzia sahani ya arobaini. Njia sahihi ni kugawa: 10.8 kugawa kwa 0.75 ni kilo 14.4. Kwenye bei ni vivyo hivyo. Kuongeza robo juu ya 13,000 kunatoa 16,250, wakati kilo safi, kabla ya kutoa thamani ya mabaki, ni 17,333.

Kosa hili hukua kadiri hasara inavyokuwa kubwa. Kwenye kitunguu hutaliona. Kwenye samaki wa minofu anayebaki asilimia 45, kuongeza asilimia 55 kunakupa kizidishi cha 1.55, wakati ukweli ni 2.22. Kama kadi zako ziko kwenye Eksel, fungua seli ya bei ya kilo safi. Ukikuta alama ya kuzidisha na namba inayoanzia na moja, mfano `=13000*1.25`, umepata ugonjwa. Inapaswa kuwa `=13000/0.75`.

Dalili ya tatu: sahani moja ndogo inaonekana na faida ya ajabu

Sambusa ya asilimia 12 ni ya kutiliwa shaka kabla ya kupongezwa. Mara nyingi nyama yake imeandikwa bure kwa sababu "inatokana na mabaki ya mishkaki". Hilo linaruhusiwa kama mishkaki imebeba gharama yote ya kilo 10, yaani 17,333 kwa kilo safi. Lakini kama kwenye kadi ya mishkaki umeshatoa zile shilingi 8,000 na kufika 16,267, basi kadi ya sambusa lazima izipokee. Zisipopokelewa, shilingi 8,000 zimelipwa bucha na hazimo kwenye kadi yoyote. Kila kilo 10 zinazosafishwa huongeza pengo hilo.

Mimi napendelea kuipa nyama ya kusaga thamani yake na kuiandika kwenye sambusa. Siku sambusa zikivuma na mabaki yasitoshe, utalazimika kununua nyama ya kusaga, na kadi yako haitashtuka. Mifupa na kano zinazochemshiwa supu ziwekwe kwa utaratibu huohuo pale tu supu inapouzwa.

Dalili ya nne: mchuzi wa nyama unapoteza fedha ingawa nyama ilipimwa safi

Kwenye mishkaki kadi na kijiti huzungumza lugha moja, kwa sababu vipande hupimwa vikiwa vibichi. Kwenye mchuzi, nyama hupakuliwa ikiwa imeiva, na mpishi akiulizwa anampa mteja nyama kiasi gani atataja uzito wa kilichoko kwenye sahani. Tuseme ni gramu 120. Nyama ya kuchemsha hadi ilainike hupungua sana. Chukua kwamba katika jiko lako kilo moja safi mbichi inabaki gramu 600. Basi gramu 120 zilizoiva zimetokana na gramu 200 mbichi safi, na hizo zimetokana na gramu 267 zilizonunuliwa. Kwa nyama ileile ya 13,000 ni shilingi 3,467, wakati aliyezidisha 120 kwa bei ya bucha ameandika 1,560. Hasara mbili zimefuatana, na kadi haikuiona hata moja.

Dawa yake ni kuamua kwamba kila kadi itaandikwa kwa uzito mbichi safi, kisha pembeni kuwepo mstari mmoja wa uzito ulioiva kwa ajili ya anayepakua. Chipsi zinahitaji mstari huo pia. Kaanga kilo tatu za viazi vilivyokatwa, pima zikitoka na kuchuja mafuta; zikiwa kilo 1.65, basi gramu 300 mbichi ni gramu 165 zilizoiva. Mpakuaji anayejaza sahani hadi gramu 200 anatoa karibu gramu 364 za viazi vibichi, na bado anaamini anafuata kadi.

Dalili ya tano: asilimia hupanda majira fulani, kisha hushuka yenyewe

Kwanza angalia bei, kwa kuwa mara nyingi ni bei tu. Lakini kama bei imetulia, pima upya asilimia ya kubaki, hasa ya viazi na vitunguu. Viazi vidogo vina ganda kubwa kulinganisha na mnofu wake, na vitunguu vya wakati wa mvua huja na tabaka za nje zilizooza. Viazi vilivyokuwa vinabaki asilimia 78 vikishuka hadi 70, kilo safi inapanda kutoka 1,538 hadi 1,714. Kwenye sahani moja hiyo ni shilingi 53 tu, lakini mgahawa wa chipsi unaotoa mamia ya sahani kwa siku utaihisi.

Jambo jingine ni gunia. Anayenunua kwa gunia hana bei ya kilo mpaka apime, na mtindo wa lumbesa, unaopigwa vita na Wakala wa Vipimo, umezoesha watu kuzungumzia gunia kana kwamba ni kipimo. Lumbesa humuumiza mkulima shambani. Likifika mjini likafunguliwa na kufungwa upya, unachokipata wewe kinaweza kuwa kingine kabisa. Gunia la shilingi 108,000 linalodhaniwa kuwa la kilo 90 linatoa bei ya 1,200. Likipimwa likawa kilo 84, kisha ukatoa kilo nne za udongo, vilivyooza na vilivyogeuka kijani, umelipa 1,350 kwa kilo kabla kisu hakijagusa ganda. Pima gunia mlangoni, mbele ya aliyelileta.

Dalili ya sita: kadi zimerekebishwa, na bado stoo inatoa nyama nyingi kuliko hesabu

Hapa sasa kadi ndiyo inakuwa kipimo cha jiko. Tuseme mwezi huu mmeuza sahani 900. Nyama safi iliyotakiwa ni kilo 162, ambayo kwa asilimia 75 ni kilo 216 kutoka stoo. Daftari la stoo linaonyesha kilo 240. Kabla ya kumshuku mtu yeyote kuhusu hizo kilo 24, pima vitu viwili.

Cha kwanza ni vijiti. Chukua 20 vilivyokwisha kutungwa, bila kutoa taarifa, na ugawe uzito wa nyama yake kwa 20. Ukipata wastani wa gramu 66 badala ya 60, gramu sita mara mishkaki 2,700 ni kilo 16.2 za nyama safi, ambazo ni kilo 21.6 za bucha. Kilo 24 zimekwisha kujieleza karibu zote, na aliyezisababisha ni mpishi mkarimu asiye na mizani. Cha pili ni ndoo ya mabaki: kama mafuta na utando vinakuja na mnofu mwekundu ulioshikamana navyo, asilimia ya kubaki imeshuka kwa sababu ya kisu butu, haraka, au mkataji mpya.

Vipimo vyote viwili vikiwa sawa, ndipo uangalie chakula cha wafanyakazi kisichoandikwa, sahani zilizorudishwa, hesabu ya stoo iliyofanywa kwa makadirio, na hatimaye wizi. Nyama iliyopokelewa pungufu bucha nayo huonekana hivihivi, kwa kuwa imeandikwa kwa uzito wa risiti na si wa mizani yako.

Ukishajua gharama halisi, uamuzi uko wapi

Sahani yetu inagharimu 4,020. Ukitaka asilimia 33, gawa kwa 0.33 upate 12,182 kabla ya kodi, kisha zidisha kwa 1.18, menyu itasema 14,375, au tuseme 14,500. Kama wateja wako hawatavumilia kupanda huko, mahali pa kugusa ni nyama, si kachumbari. Kupunguza kijiti hadi gramu 55 kunaokoa shilingi 244 kwa sahani.

Njia nyingine ni bucha linaloleta nyama iliyokwisha kusafishwa na kukatwa, kwa mfano kwa shilingi 16,000 kwa kilo. Wengi huikataa papo hapo kwa sababu wanailinganisha na 13,000. Ilinganishwe na 16,267, na ipimwe nayo, kwa kuwa nyama "safi" ya bucha bado huacha kitu ubaoni. Ikibaki asilimia 97, kilo safi ni shilingi 16,495: imezidi yako kwa shilingi 228, lakini imekuondolea saa za mkataji, na sambusa zitahitaji kununuliwa nyama yake. Ikibaki asilimia 92, kilo safi ni 17,391, na hapo endelea kusafisha mwenyewe.